Vumbi la Jattani

Isiolo ilijua kwamba ukitaka bango lenye herufi zilizonyooka unaenda kwa Everlyne Aule, na ukitaka kusemwa vibaya mbele ya uso wako unaenda kwa huyo huyo. Kibanda chake cha mabati kilikuwa nyuma ya stendi. Mwenye bucha aliingia siku moja akitaka achorewe ng'ombe anayecheka. "Anacheka nini?" Everlyne akamuuliza. "Hajui anapelekwa wapi?" Yule mtu alinuna, lakini aliliacha kopo lake la rangi pale, na wiki iliyofuata akapata ng'ombe wa heshima, mwenye uso wa ng'ombe.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, mama wa Ekitela ambaye alikuwa amekwisha kuoa na kuhamia Oldonyiro, na dharau yake alikuwa ameipata kihalali. Alipokuwa msichana alikwenda Pwani kutafuta kazi ya kupaka rangi, akaangukia mikononi mwa mama mmoja wa Kimeru aliyeitwa Kinanu, fundi wa kutunza kuta za kale. Miaka minne Everlyne alikaa juu ya jukwaa la miti ndani ya nyumba moja kuukuu, pamba mkononi, akisafisha maua yaliyochorwa ukutani kabla babu yake hajazaliwa, sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa siku. Kinanu alikuwa na sauti ndogo na macho makali. Alimfundisha kwamba mchoro si wako. Kwamba ukijaza pengo, jaza pengo tu, usivuke hata unywele kuingia kwenye rangi ya mwenyewe. Kwamba chochote unachoongeza, mtu wa kesho aweze kukitoa bila kuumiza kilicho chini. Na kila asubuhi, kama mtu anayesomea mtoto sala: ukiona rangi kwenye pamba, simama.

Basi alirudi Isiolo na elimu hiyo, na Isiolo haikuwa na haja nayo. Ilitaka ng'ombe wanaocheka. Miaka ishirini alipaka mabango, akiwadharau wateja wake, akimdharau zaidi Vincent, kijana aliyekuwa akipamba mabasi na kuta za mahoteli. Vincent alikuwa hodari. Hilo ndilo lililomuudhi. Mpe ukuta wowote na rangi ya mafuta inayong'aa, kwa siku nne atakupa maporomoko ya maji, simba, na tausi, na hakuna hata kimoja alichowahi kukitazama kwa macho yake.

Sasa, nyuma ya soko kulikuwa na ukumbi wa zamani wa chama cha ushirika cha ngozi. Biashara ya ngozi ilikuwa imekufa kitambo. Ukumbi ulibaki wa harusi, mikutano na kupigia kura. Ukuta wake wa mbele, kutoka usawa wa kiuno hadi karibu na dari, ulikuwa umechorwa na Jattani, mtunza ghala wa chama, wakati wa ule ukame mkubwa wa miaka ya sabini. Alichora kisima kirefu, na ndani yake wanaume wamesimama mmoja juu ya mwingine kama ngazi, wakipitishiana ndoo kutoka chini gizani hadi juu kwenye hori. Juu walingoja ng'ombe, mbavu zao zikihesabika, na ngamia mmoja. Nyuma yao anga lilikuwa la kahawia, zito, bila wingu.

Jattani hakuwa na duka la rangi. Alitumia alichokuwa nacho: chokaa, masizi ya taa, udongo wa kahawia wa barabara ya Kinna, na bluu ile ya kufulia nguo nyeupe. Gundi alichemsha mwenyewe kutokana na vipande vya ngozi vilivyotupwa ghalani. Ni gundi nzuri, lakini ina ugonjwa mmoja: maji yakiigusa, inalegea.

Na maji yalikuwa yameigusa. Paa lilivuja miaka mingi, na upande wa kulia rangi ilikuwa imejikunja magamba. Mtu wa tatu kwenye ngazi ya kisima alikuwa amepoteza uso wote, plasta na yote. Mgombea mmoja wa zamani, ambaye jina lake tuliache lipumzike, alikuwa amemfanyia ngamia hisani ya kumpaka upya kwa rangi ya mafuta, na ngamia akawa anang'aa kama sufuria. Juu ya vyote hivyo kulikuwa na masizi ya miaka arobaini ya kupikia harusi ndani kila mvua iliponyesha.

Mwaka 2018, kaunti zikiwa zimekwisha kuzoeleka na kila mtu akijua mlango wa kugonga, chama kikapata paa jipya. Kamati ikakaa. Wageni wa kaunti wangekuja kufungua ukumbi baada ya wiki sita, na mwenyekiti, Mzee Isacko, alitaka ukuta "uwe kama mpya."

Vincent aliitwa kwanza. "Mathe na wazee, hiyo ni kazi ya siku nne," akasema. "Napiga msasa, napaka rangi ya msingi, nachora upya. Mkitaka hata naongeza tembo."

"Tembo kwa kisima ya ng'ombe?" Everlyne akauliza kutoka mlangoni, ambako hakuwa amealikwa. "Ongeza na ndege basi, watu wapande waende."

Wengine walicheka. Mzee Isacko hakucheka. Alikuwa mtu mnene wa heshima, muuza mbuzi, aliyependa kuzungumza huku amefumba macho, kana kwamba maneno yake yalikuwa matamu mno kuyaangalia. "Mama Ekitela, wewe utaifanya vipi?"

Akamweleza, akafurahia kumweleza. Kwamba hatachora upya, kwa sababu ukichora upya juu ya Jattani, Jattani amekufa mara ya pili na wewe umebaki na Vincent. Kwamba rangi ya mafuta juu ya chokaa ni kama kumfunga mtu mdomo na pua: unyevu unakosa pa kutokea, unasukuma plasta yote idondoke. Kwamba atalaza magamba, atasafisha masizi, atajaza mashimo, na pale palipopotea atapatuliza kwa rangi inayofutika, ili jicho lisikwame hapo, lakini ukisogea karibu uone wazi hapa ni Jattani na hapa si Jattani.

"Na huyu hana uso?" Mzee Isacko akafumbua macho. "Baba yangu alichota maji kwa kisima hiyo. Unaweza kumuweka yeye. Picha yake ya kipande, ile ya kitambulisho, iko."

"Kuna mtu alipiga picha ukuta kabla haijaharibika? Kuna mtu anajua uso ulikuwa wa nani?"

Hakuna aliyejua.

"Basi atabaki bila uso. Siwezi kutunga."

Ilikuwa karibu Vincent aichukue kazi hapo hapo, na tembo wake. Aliyeizuia ni Mama Abiba, mjane wa Jattani, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akiwa amejifunika shali ya kijani. Alisema maneno machache, kwamba mara ya mwisho mtu kuja na rangi inayong'aa, ngamia wa mume wake aligeuka kuwa bakuli la hoteli, na kwamba yeye angali hai. Kamati ikamwogopa kidogo, kama inavyofaa, na Everlyne akapewa ukuta.

Alianza vizuri. Tuseme hivyo, kwa maana baadaye hatutakuwa na mengi ya kumsifia. Wiki ya kwanza hakugusa kitu; alipiga picha ukuta wote, mraba kwa mraba, akachora ramani ya magonjwa yake kwenye daftari la shule: hapa magamba, hapa chumvi, hapa shimo lililozibwa kwa sementi na mtu mjinga. Alihakikisha paa kweli halivuji, kwa kumwaga ndoo za maji juu na kusimama chini. Kisha akalaza magamba: karatasi nyembamba juu, gundi nyepesi kwa brashi, akabonyeza kwa kidole juu ya pamba, akangoja. Sementi aliichokoa kwa patasi ndogo, akajaza mahali pake kwa chokaa iliyoloweshwa muda mrefu na mchanga uliochujwa.

Masizi aliyaondoa kwa mkate. Mzee Isacko alipomkuta amenunua mikate minne na anatupa maganda, alidhani ni chakula cha mafundi. Everlyne akamwonyesha: unachukua ule ulaini wa ndani, unaufinyanga kidonge, unaubiringisha ukutani taratibu bila kusugua, nao unabeba masizi. Hakuna maji, hakuna sabuni. Baadaye unapangusa makombo yote kwa brashi laini, usije ukawakaribisha mende. Wamama wa chama walikuwa wameshauri sabuni ya unga na brashi ya sakafu. Vincent, kwa kusaidia, alikuwa ameshauri ndimu.

"Ndimu inakula chokaa na inaua bluu," Everlyne akamwambia. "Lakini kwa samaki iko sawa."

Alifanya majaribio kama alivyofundishwa, ya mkate na ya pamba yenye unyevu kidogo, madirisha madogo ya ukubwa wa kiberiti. Aliyafanya chini, pembeni, mahali ambapo kosa lisingeonekana: kwenye udongo, kwenye miguu ya ng'ombe, kwenye ukingo wa kisima. Kote masizi yalitoka na rangi ikabaki. Akaandika kwenye daftari: rangi imara. Anga lilikuwa juu, jukwaa lilikuwa bado halijafika huko, na wageni walikuwa wamebakiza siku kumi na mbili. Alijiambia kwamba mkono ni mmoja, gundi ni moja, ukuta ni mmoja. Lau Vincent angesema maneno hayo, angemcheka wiki nzima.

Alipopanda, mkate ulitoa masizi, lakini anga likabaki kahawia. Akaona ni uchafu ulioshikana na mafuta ya pilau. Akaviringisha pamba kwenye kijiti, akailowesha kidogo sana, maji na spiriti, akaikamua, akaizungusha ukutani.

Pamba ilitoka nyeusi. Akabadilisha. Ikatoka kahawia.

Hapo ndipo mgeni yeyote, hata mpumbavu, angesimama na kujiuliza. Mtu wa Nyeri angesimama. Mtu wa Pwani angesimama. Lakini Everlyne alikuwa mtu wa Isiolo, na mtu wa Isiolo akifuta kitu kikatoka kahawia hajiulizi kitu. Anafuta meza, kahawia. Anafua shati jeupe, maji kahawia. Anajipangusa uso kwa leso, kahawia. Maisha yake yote vumbi lilikuwa ndicho kitu cha kuondoa ili uone kilichopo. Akabadilisha pamba tena, na tena, na chini ya kahawia ikaanza kuchomoza bluu.

Ilikuwa bluu safi, tamu. Alipoona bluu kidogo kwenye pamba, akakumbuka sheria ya Kinanu, akasimama. Alijivunia kabisa kwamba amesimama.

Mzee Isacko aliingia akiwa na wajumbe wawili, akaona lile dirisha la bluu, pana kama sinia, juu ya pembe za ng'ombe. Akapiga makofi. Wajumbe nao wakapiga makofi. Mmoja akatoa simu akapiga picha. Hata Vincent, aliyekuwa amekuja kuchungulia, akatikisa kichwa na kusema, "Mathe, hapo umeniweza," na Everlyne, aliyekuwa akimdharau kwa miaka kumi, akaona haya namna alivyofurahi kusifiwa naye.

Walipotoka, akatoa kioo chake cha kukuza ili arekodi ukingo wa ile sehemu. Akatazama. Akafuta kioo, akatazama tena.

Vumbi halina brashi. Vumbi linatua tu. Lakini hili la ukingoni lilikuwa na mistari, lilikuwa limevutwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa mkono wa mtu, na mahali pamoja unywele wa brashi ulikuwa umenasa ndani yake, umegandia humo tangu siku ile. Akasogeza kioo hadi kwenye pembe za ng'ombe. Kahawia ilizizunguka. Ilifika karibu na pembe ikasimama, ikaacha nafasi ya upana wa ukucha, ikaendelea upande wa pili. Vumbi gani la Isiolo lina adabu ya kuzunguka pembe za ng'ombe?

Akakaa chini juu ya jukwaa. Alitazama zile pamba kwenye bakuli, kumi na saba, alizozihesabu siku zote ili aandike. Moja nyeusi. Kumi na tano kahawia. Moja ya bluu. Alikuwa amesimama, ndiyo, kwa utii mkubwa, kwenye rangi ya pili. Ya kwanza alikuwa ameiona kwenye pamba mara kumi na tano na kuitupa.

Angeweza kunyamaza. Lile lilikuwa wazo la kwanza, na hakulifukuza upesi kama ambavyo angependa watu waamini. Kamati ilitaka bluu. Angeisafisha anga yote kwa siku tisa, wageni wangeshangilia, na jina lake lingetoka hapo limeng'aa kuliko ngamia. Hakuna mtu Isiolo aliyekuwa na kioo cha kukuza wala hamu ya kukitumia. Isipokuwa labda mmoja, ambaye hakuhitaji kioo.

Alimkuta Mama Abiba nyumbani akichambua mchele.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, Mama Ekitela. Mbona uso iko hivyo? Umeanguka?"

"Nataka kukuuliza kitu. Mzee alipaka anga mara ngapi?"

Mama Abiba aliweka ungo chini. "Mara mbili. Kwanza alipaka bluu. Kamati ya wakati huo ilitaka bluu, walisema picha iwe ya kufurahisha. Halafu ng'ombe yetu ikakufa, yote, kumi na nane. Akarudi na ndoo ya udongo ya barabara, akapanda, akafunika. Waligombana na yeye. Akawaambia, mkitaka bluu ongeeni na Mungu." Akamtazama. "Kwa nini unauliza?"

Everlyne akamwambia. Mjane alisimama. Alifunga shali yake, akatembea mbele hadi ukumbini, akasimama chini ya ukuta akiwa amekunja shingo. 

"Sasa hawa ng'ombe," akasema mwisho, "wamekondea nini?"

 Akatoka, na Everlyne akaona afadhali angetukanwa.

Kamati ilikutana siku iliyofuata. Mzee Isacko alikuwa tayari amewapigia wageni kuwaambia juu ya anga la bluu. Everlyne alisimama akaeleza kuhusu brashi, unywele, na pembe, na akaona nyuso zao zikiwa zinamngoja amalize ili waseme walichokuwa wamekuja kusema.

"Lakini bluu ni ya Jattani?" Mzee Isacko akauliza, macho yamefumbwa.

"Ni yake."

"Hukupaka wewe?"

"Hapana."

"Basi tunataka hiyo ya kwanza. Ya kwanza ndio ya kweli. Wewe mwenyewe umetuambia kila siku, hii ni Jattani na hii si Jattani. Hii ni Jattani. Maliza."

Na hapo ndipo hoja ilipombana, kwa sababu alikuwa amewafundisha vizuri. Wangemshinda kwa maneno yake mwenyewe. Angeweza kuwaeleza kwamba mchoraji ana haki ya kubadili nia, kwamba alichopaka mwisho kwa mkono wake ndicho neno lake, kwamba unachokiondoa hakirudi; angesema hadi jioni, nao wangetazama tu lile dirisha zuri la bluu. Lilikuwa linamtetea kila mtu isipokuwa ukweli. Kulikuwa na njia moja tu ya kuliharibia sifa.

"Mliipigia makofi," akasema. "Nisikilizeni. Hiyo mliyoipigia makofi si kazi. Ni uharibifu. Nimebomoa mchoro wa Jattani, sehemu kubwa kama sinia, kwa mkono wangu, na haiwezi kurudi. Sikupima anga. Niliona kahawia nikadhani ni uchafu. Angekuwa ni Vincent amefanya hivyo ningemtangaza hadi Kinna. Ni mimi. Na mkiniambia nimalize, mnaniambia niharibu na hiyo ingine yote."

 Vincent, nyuma, aliinamisha kichwa; inawezekana alikuwa anacheka, na alikuwa na haki.

Mama Abiba akasimama. Hakuzungumza na Everlyne. Aliwageukia wale wazee watatu wa benchi la ukutani, wanachama tangu enzi za ngozi, ambao katika mikutano yote hawakuwahi kufanya lolote ila kunywa chai. "Nyinyi mlikuwako," akasema. "Ile mwaka mlizika ng'ombe ngapi? Mkiangalia juu, mliona bluu?"

Mmoja wao, Mzee Tache, aliweka kikombe sakafuni. "Tuliona hiyo," akasema, akionyesha kahawia kwa kidole. "Tulikula hiyo. Iache."

Mzee Isacko alijua kuhesabu watu kabla hawajainua mikono. Akafumbua macho, akatangaza kwamba hilo ndilo lililokuwa wazo lake tangu mwanzo. Anga litabaki. Vincent atapewa ukuta wa nje, unaotazama barabara, achore bluu yote anayotaka, na tembo. Kisha akamgeukia Everlyne. "Na hiyo tundu yako, izibe kabla ya wageni. Ni aibu."

"Nitaituliza," Everlyne akasema. "Iko njia halali."

Na ilikuwako kweli. Kinanu alikuwa amemfundisha: mahali penye rangi inayoogopa maji, unatuliza kwa rangi kavu. Siku nne alimaliza kazi nyingine zote. Mtu wa tatu kisimani alibaki bila uso, plasta yake ikatulizwa kwa rangi hafifu, mistari myembamba ya kusimama, hata jicho likapita bila kujikwaa; baba yake Isacko alipumzika kwenye kipande chake cha kitambulisho. Ngamia alivuliwa rangi ya mafuta kidogo kidogo, na pale ambapo kuivua kungemchuna ngozi, Everlyne aliacha. Aliacha pia kipande cha masizi kwenye kona, cha upana wa kitabu, bila kukigusa, ili mtu wa kesho aone ukuta ulivyokuwa na apime mwenyewe.

Asubuhi ya mwisho alipanda na udongo wa barabara ya Kinna, aliousaga, akauchuja kwa kitambaa, akaufinyanga vijiti na kuvikausha. Akaanza kuchora mistari juu ya bluu, myembamba kama uzi, kavu juu ya kavu. Ilikuwa kazi nzuri. Mkono wake ulikuwa umetulia kuliko ulivyotulia mwezi mzima. Alipofika nusu, akashuka, akarudi nyuma hatua kumi, akageuka. Ile nusu ya tundu haikuwako. Anga lilikuwa limejifunga.

Moyo wake ukaruka kwa furaha, na aliijua furaha ile mara moja, kwa sababu alikuwa ameiona usoni mwa Vincent kila alipomaliza basi. Ni furaha ya mtu aliyefanikiwa kuwadanganya watu wakiwa hatua kumi mbali. Ndiyo, njia ilikuwa halali. Ingefutika, ingeandikwa kwenye daftari, na ukisogea karibu ungeona mistari. Kinanu asingekuwa na la kusema. Lakini nani angepanda ngazi kusogea karibu? Jukwaa lilikuwa linabomolewa adhuhuri. Uso wa yule mtu kisimani uliliwa na mvua, na mvua haina haya ya kufichiwa. Hili lilikuwa limeliwa na yeye. Alijiuliza anautuliza ukuta au anajituliza mwenyewe, na alimjua Everlyne Aule vya kutosha kupata jibu bila kungoja.

Akapanda tena. Akachukua ulaini wa mkate, akaufinyanga kidonge, akaubiringisha juu ya mistari yake, taratibu, bila kusugua. Kahawia ilitoka kwenye mkate. Safari hii ilikuwa yake. Bluu ilipobaki peke yake, akasimama.

Wageni walikuja. Wengi walipiga picha nje, mbele ya tembo. Wachache walioingia ndani waliuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake, wakionyesha juu ya pembe za ng'ombe: na hiyo bluu nzuri ni ya nani? Mzee Isacko alianza kufumba macho ili ajibu.

"Rangi ni ya Jattani," Everlyne akasema. "Tundu ni langu."

Mama Abiba, kwenye kiti chake karibu na dirisha, alisogea kidogo, akamwachia nafasi ya kukaa.